Methali za babu wa Nyarugusu

SWALI: Naandika riwaya. Babu, mfugaji aliyehama Shinyanga akaja Nyarugusu, Geita, anamwonya mjukuu wake aliyeuza ng'ombe ili achimbe dhahabu. Wenzangu wanasema methali ninazomtungia zinanuka kalamu. Mfano: "Utajiri ambao haujapatikana hauwezi kuwa msingi wa maisha." Nifanyeje? — Mwandishi, Kahama

JIBU: Ndugu yangu, wenzako wamesema kweli. Sentensi yako inafaa hotuba ya mgeni rasmi. "Utajiri" na "msingi wa maisha" havishikiki, na maana yote umeshaitoa, msikilizaji hana la kufikiria.

Anza na mikono ya babu. Huyu amekamua, amechunga, amelima mtama. Akisimama kwenye mdomo wa duara atalitazama kwa jicho la mfugaji, naye atasema: "Duara halikamuliwi." Maneno mawili, onyo zima limo.

Ukitaka ndefu zaidi, igawe pande mbili zinazokaribiana kwa mizani: "Muuza mtamba / haulizi maziwa." Ondoa "ambaye", ondoa "kwa sababu", kisha isome kwa sauti. Nami napendelea hii ya pili, kwani inamkumbusha kijana kuwa ndama nao wameondoka. Ipime hivi: mtajie mfugaji nusu ya kwanza, unyamaze. Asipokisia kwamba maziwa yanakuja, au jambo lililo jirani na maziwa, itunge upya.

Angalia pia umri wa vitu. Ng'ombe na mtama ni vya kale, hivyo methali yake ya mtamba yaweza kuwa ya babu wa babu yake. Duara analijua, maana dhahabu ya Geita si habari ya jana: mgodi wa zamani ulifungwa mwaka 1966, ule mkubwa wa sasa ukaanza kazi mwaka 2000. Lakini ukimpa methali ya karasha ukadai ni ya wahenga, msomaji wa Geita atacheka. Ya karasha wape vijana wanaosaga mawe.

Jambo linaloifanya methali iaminike kuliko yote ni mtu wa pili kuijua. Usimwache babu aimalize wala kuifafanua:

"Mjukuu wangu, muuza mtamba…"
"…haulizi maziwa," mama akamalizia, akiendelea kupepeta.
"Sikuuza mtamba, babu. Niliuza dume."

Hapo methali imeshakuwa ya ukoo mzima, na kijana amepata pa kuikwepa. Mbili tatu za namna hii zinatosha kitabu kizima, zikichanganywa na zile ambazo msomaji anazijua.

Nakuomba neno moja zaidi. Usiandike "Wasukuma husema" juu ya methali uliyoitunga wewe, wala usiigeuze Kisukuma kama hukijui vizuri. Andika "babu alisema." Methali za Kisukuma zina wenyewe, na kesho mwanafunzi atainukuu yako akidhani ni yao.