Kitendanishi Kipi Kinaisha Kwanza? Kusoma Picha ya Swali la Kemia kutoka Moli hadi Gramu

Swali lililo kwenye picha linasema hivi: gramu 20.4 za gesi ya amonia zilipitishwa juu ya gramu 119.25 za unga mweusi wa oksidi ya shaba uliopashwa moto. Tafuta tungamo la nitrojeni inayopatikana. Chini yake umechapwa mlinganyo huu:

2NH₃ + 3CuO → N₂ + 3Cu + 3H₂O

Picha imepigwa kwa simu. Ukurasa umejikunja karibu na mshono wa kitabu, na tarakimu ndogo zilizoandikwa chini ya alama za elementi hazionekani vizuri.

Amonia ni gramu 20.4 tu, na oksidi ya shaba ni karibu mara sita yake. Si wazi kwamba amonia ndiyo itakayoisha kwanza?

Ndivyo macho yanavyosema, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Gramu hupima jinsi kitu kilivyo kizito, lakini mmenyuko haujali uzito. Chembe hukutana na chembe kwa idadi. Chembe moja ya oksidi ya shaba ni nzito zaidi ya mara nne kuliko chembe ya amonia, kwa hiyo rundo zito la oksidi linaweza kuwa na chembe chache kuliko tunavyodhani. Ndiyo maana kazi ya kwanza ni kugeuza gramu kuwa moli, yaani kuhesabu chembe kwa mafungu makubwa yanayolingana. Moli moja ya amonia ina gramu 14 za nitrojeni na gramu 3 za haidrojeni, jumla 17. Gawanya 20.4 kwa 17, unapata moli 1.2. Moli moja ya oksidi ya shaba ina gramu 63.5 za shaba na 16 za oksijeni, jumla 79.5. Gawanya 119.25 kwa 79.5, unapata moli 1.5. Tofauti iliyokuwa ya mara sita kwenye mizani imebaki ndogo sana kwenye hesabu ya chembe.

Hata hivyo moli 1.2 bado ni chache kuliko 1.5. Je, amonia si ndiyo kikomo?

Hapana, na swali hili limechaguliwa kwa sababu linazinasa njia zote mbili za mkato. Oksidi ya shaba ni nyingi kwa gramu, ni nyingi kwa moli, na bado ndiyo inayoisha kwanza. Sababu ni kwamba vitu hivi viwili havitumiki kwa kasi moja: kila moli 2 za amonia zinakula moli 3 za oksidi. Seremala anayetengeneza vigoda vya miguu mitatu, akiwa na miguu 15 na mbao za kukalia 6, anaishia vigoda 5. Miguu ndiyo imemkwamisha, ingawa ndiyo iliyokuwa mingi karakanani. Hapa pia, tunauliza kila kitendanishi kinatosha mara ngapi kuendesha mlinganyo mzima. Amonia: 1.2 gawanya kwa 2, mara 0.6. Oksidi ya shaba: 1.5 gawanya kwa 3, mara 0.5. Mmenyuko unasimama kwenye 0.5, na oksidi ya shaba ndiyo kitendanishi kikomo.

Kuanzia hapo hesabu inafuata njia moja. Kila mzunguko wa mlinganyo unatoa moli 1 ya N₂, kwa hiyo tunapata moli 0.5. Molekuli ya nitrojeni ina atomi mbili, hivyo moli yake ni gramu 28, si 14. Zidisha 0.5 kwa 28: gramu 14 za nitrojeni. Ukiona jibu la gramu 16.8, mwandishi wake alitumia amonia. Ukiona gramu 7, alisahau kwamba atomi za nitrojeni hutembea mbili mbili.

Wako wanaokokotoa zao mara mbili, kwa kila kitendanishi, kisha wakachukua jibu dogo. Wanakosea?

Hawakosei. Ukianza na amonia unapata gramu 16.8, ukianza na oksidi unapata 14, na dogo ndilo la kweli. Ni hesabu ileile iliyosukumwa mbele hatua moja. Upungufu wake ni kwamba mwanafunzi anaweza kupata jibu bila kujua ni nini kilichoisha, halafu kipengele cha pili cha swali kikimuuliza ni gramu ngapi za amonia zilizobaki, akakosa pa kuanzia. Anayejua kwamba mzunguko umesimama kwenye 0.5 anaona mara moja kwamba amonia iliyotumika ni moli 1, iliyobaki ni moli 0.2, sawa na gramu 3.4.

Na kama picha haionyeshi tarakimu ndogo, nitajuaje kuwa nimeisoma sawasawa?

Huu ndio ugumu hasa wa swali lililopigwa picha, kwa sababu kosa la kusoma halikupi onyo lolote kwenye kikokotoo. Tuseme mkunjo wa karatasi umeacha kivuli kinachofanana na 2, ukasoma Cu₂O badala ya CuO. Moli yake ni gramu 143, kwa hiyo gramu 119.25 zinakuwa moli 0.834 tu. Ukiendelea na uwiano wa 3, unapata karibu gramu 7.8 za nitrojeni. Hesabu imekwenda vizuri kila hatua, na jibu limekaribia kuwa nusu ya lile sahihi.

Mlinganyo wenyewe ndio shahidi. Hesabu atomi za shaba: 3Cu₂O ina 6 upande wa kushoto, na kulia zimechapwa 3Cu. Haulingani, basi tarakimu uliyoiona haikuwepo. Maneno ya swali nayo yanashuhudia, maana CuO ni nyeusi na Cu₂O ni nyekundu, na swali limetaja unga mweusi. Nukta ya desimali iliyofifia, kwa upande mwingine, haikamatwi na mlinganyo. Ukisoma gramu 204 badala ya 20.4, atomi zitalingana vilevile. Mbaya zaidi, katika swali hili nitrojeni itabaki gramu 14, kwa kuwa amonia siyo kikomo, na kosa litajitokeza tu kwenye mabaki. Hapo hakuna njia ila kuikuza picha au kurudi kitabuni.

Je, kujumlisha tungamo lote kunatosha kuthibitisha jibu?

Kunasaidia sana, lakini kuna mpaka. Nitrojeni 14, shaba 95.25, maji 27 na amonia iliyobaki 3.4 zinatoa gramu 139.65, sawasawa na 20.4 jumlisha 119.25. Jumla isipotimia, umekosea mahali. Ikitimia, imethibitisha hesabu tu, si usomaji wa picha, kwa sababu namba iliyosomwa vibaya inajumlishwa vibaya pande zote mbili.

Maabara ingetoa gramu 14 kweli?

Gramu 14 ni kiwango cha juu, ikiwa unga wote umegeuka. Amonia hupita ikiwa gesi, na sehemu yake hutoka bila kugusa unga. Gesi ikikusanywa juu ya maji, amonia huyeyuka humo na nitrojeni hubaki juu, kwa hiyo maji hayo yatageuza karatasi nyekundu ya litmasi kuwa ya bluu. Usiichukue bluu hiyo peke yake kuwa ushahidi kwamba amonia ilizidi, kwa kuwa ingetokea hata oksidi ingekuwa nyingi. Tazama ndani ya neli: unga ukiwa umegeuka wote kuwa shaba ya rangi nyekundu-kahawia, oksidi imeisha. Madoa meusi yakibaki, gramu 14 hazijafikiwa bado.