UNGA WA KREATINI NA WOGA WA KUNENEPA

Mwezi huu tunapenda kuzungumza nanyi juu ya unga mweupe ambao vijana wetu wanamichezo huuleta nyumbani ndani ya kopo kubwa la plastiki. Unaitwa kreatini. Wazazi wengi hutuuliza kama ni dawa ya kulevya. Sivyo. Lakini wapo watu ambao hawafai kuutumia peke yao, nao ni wale wanaoogopa sana kunenepa, au ambao kula kwao kumekwisha kuharibika.

Kreatini ni nini?
Kreatini ni kitu ambacho mwili hujitengenezea wenyewe, yapata gramu moja kwa siku. Nyingine tunaipata katika nyama na samaki. Ndizi, maharage na chai yetu ya Rungwe karibu hazina kabisa. Sehemu kubwa hukaa ndani ya misuli na kuisaidia inapofanya kazi ya nguvu ya muda mfupi, kama kukimbia mbio fupi au kubeba mzigo mzito. Mtu mzima mwenye figo nzima anayetumia gramu 3 hadi 5 kwa siku kwa kawaida hapati madhara.

Tuchukue mfano
Tuseme yupo binti wa miaka 19 pale Tukuyu, mchezaji wa mpira wa miguu. Mwaka jana alikuwa na kilo 55. Sasa ana kilo 48. Ameacha kula chakula cha jioni, na hupanda mzani mara tatu kwa siku. Mwenzake wa timu anampa kopo la kreatini ili apate nguvu. Maandishi ya kopo yanasema aanze na gramu 20 kwa siku kwa siku tano. Anafanya hivyo. Siku ya sita mzani unasoma kilo 49 na gramu 200.

Yeye anaona jambo moja tu: amenenepa. Na siku hiyohiyo, kwa mapenzi mema, shangazi anamwambia, "Mwanangu, siku hizi umenenepa, umependeza!" Kwetu hayo ni maneno ya furaha. Kwake ni kama hukumu. Anapunguza chakula mpaka kikombe cha chai na nusu ya ndizi, anaanza kujitapisha, na hukimbia amevaa koti zito ili atoke jasho. Baada ya wiki mbili anaanguka uwanjani.

Mzani ulisema nini?
Mama anayeloweka maharage makavu usiku anajua kwamba asubuhi yatakuwa mazito zaidi. Maharage hayakuongezeka, yamenywa maji. Ndivyo ilivyo kwa misuli. Kreatini ikiingia ndani yake, maji huifuata. Ndiyo maana wengi wanaoanza na gramu 20 kwa siku huongezeka kilo moja hadi mbili katika wiki ya kwanza.

Tupige hesabu. Ili mwili uweke kilo moja ya mafuta, unahitaji takribani kalori 7,700 za ziada. Basi kilo moja na gramu 200 zingedai kalori kama 9,000 za ziada kwa siku tano, yaani 1,800 kila siku juu ya mahitaji yake. Hicho ni karibu chakula kingine cha siku nzima, naye alikuwa hali hata cha kwanza. Kwa hiyo hayakuwa mafuta, yalikuwa maji.

Je, kumweleza hivyo kunatosha? Mara nyingi hakutoshi. Mwenye ugonjwa huu aweza kuielewa hesabu na bado akashindwa kula. Woga wake hautoki katika kukosa elimu, na hapo ndipo mtaalamu anapohitajika.

Kipimo cha figo nacho chaweza kudanganya
Hospitalini damu hupimwa kreatinini. Jina linafanana, nayo ni taka inayotokana na kreatini na kutolewa na figo. Ikizidi katika damu, daktari hushuku kwamba figo zinashindwa. Lakini anayekula unga wa kreatini aweza kuwa na kreatinini ya juu kidogo huku figo zake ni nzima. Na kinyume chake, aliyekonda sana ana misuli michache, hivyo kreatinini yake huwa ya chini. Figo zake zaweza kuwa zimeumia kwa kutapika na kukosa maji, na kipimo kikaonekana cha kawaida.

Kwa binti yetu mambo hayo mawili yamekutana. Daktari asiyeambiwa habari za unga na za kutapika aweza kukosea upande wowote. Kwa hiyo mzazi, mnapokwenda hospitali, chukueni kopo lenyewe.

Mtaalamu atafanya nini?
Kwanza atausimamisha unga. Atapima mapigo ya moyo na presha, binti akiwa amelala na kisha akiwa amesimama. Atapima sukari na madini ya damu, hasa potasiamu, kwa maana kutapika huipunguza, na potasiamu ikishuka sana moyo hupiga ovyo. Atauliza kama hedhi imekatika. Kipimo cha figo atakirudia baada ya wiki kadhaa bila unga.

Kisha chakula kitarudishwa kwa utaratibu. Asiyekula kwa siku nyingi hashindiliwi sahani kubwa kwa siku moja, kwani madini ya damu huweza kuporomoka na kumhatarisha. Afisa lishe atapanga milo, na muuguzi atampima uzito mara moja kwa wiki, pengine akiwa ameupa mzani mgongo. Pamoja na hayo atahitaji mazungumzo ya mara kwa mara na mtaalamu wa afya ya akili.

Je, ataweza kuirudia kreatini? Haitibu woga wa kula, na uchunguzi juu ya watu wenye tatizo hili bado ni mdogo. Akiwa amepona, hatapiki tena, uzito umetulia, hedhi imerudi na vipimo ni vizuri, daktari aweza kumruhusu gramu 3 kwa siku, bila zile gramu 20 za mwanzo. Misuli itajaa polepole kwa muda wa wiki tatu au nne. Ataambiwa mapema kwamba uzito waweza kupanda kidogo, na kwamba maendeleo yake yatapimwa kwa mbio zake, si kwa mzani. Wengine wataambiwa waache kabisa, nao watii.

Dalili za kuangalia nyumbani
Angalieni kijana anayekwenda chooni mara tu baada ya kula, anayejipima kila mara, anayesikia baridi kuliko wenzake, mwenye mashavu yaliyovimba karibu na masikio au makovu kwenye vifundo vya vidole. Msimdhihaki wala kumsifia mwili wake. Mwambieni mlichokiona, mkampeleke kituo cha afya.

Lakini akizimia, moyo ukienda mbio au polepole mno, miguu ikiishiwa nguvu, au akitapika damu, msingoje kesho. Mpelekeni hospitali saa ileile, na lile kopo mkononi.