Kreti ya Mwisho Haikuhesabiwa

Wanafunzi wanaojifunza kuandika programu za kompyuta hukutana na kosa moja ambalo ni dogo kwa umbo, lakini laweza kumpunja mtu fedha zake. Ni kosa la kitanzi kinachopita orodha nzima ya vitu na kukiacha kile cha mwisho. Kitanzi ni ile sehemu ya programu inayorudia kazi moja mara nyingi.

Tuchukue mfano wa zabibu, zao ambalo hapa Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka. Tuseme mkulima wa Ihumwa amepeleka kreti tano kwa mnunuzi, na karani ameandika kilo zake na kuagiza kompyuta izijumlishe hivi:

```python
kilo = [24, 26, 25, 27, 23]
jumla = 0
for i in range(len(kilo) - 1):
    jumla = jumla + kilo[i]
print(jumla)
```

Kompyuta yajibu 102. Ukijumlisha kwa kalamu wapata 125. Kilo 23 za kreti ya tano hazimo, na kama bei ni shilingi 1,500 kwa kilo, mkulima amepungukiwa shilingi 34,500.

Je, kosa limetoka wapi? Karani alijua kuwa Python huanza kuhesabu nafasi kwa sifuri. Kwa hiyo kreti tano zina nafasi 0, 1, 2, 3 na 4, na ya mwisho ni 4, yaani tano kutoa moja. Mpaka hapo yu sawa kabisa. Lakini alidhani `range(4)` maana yake ni "toka 0 hadi 4". Katika Kiswahili, tangazo likisema mitihani ni Jumatatu hadi Ijumaa, hakuna mwanafunzi atakayebaki nyumbani siku ya Ijumaa. "Hadi" yetu huingiza siku ya mwisho. `range` haiingizi: husimama kabla ya namba iliyotajwa, na hivyo `range(4)` hutoa 0, 1, 2, 3 tu. Moja ilikwisha kutolewa na lugha yenyewe, naye karani akaitoa mara ya pili.

Kuna mahali ambapo kutoa moja ni halali, na nadhani wengi huinakili kutoka huko. Tazama mstari wa mizabibu wenye urefu wa mita 25, ambao nguzo zake zimesimamishwa kila baada ya mita 5. Nafasi kati ya nguzo ni tano, lakini nguzo ni sita, kwa kuwa mstari huanza kwa nguzo na kuishia kwa nguzo. Basi ukitaka kulinganisha kila kreti na ile inayoifuata, kreti tano zitakupa ulinganisho mara nne tu, na hapo `range(len(kilo) - 1)` ni sahihi. Jiulize kwanza: nahesabu nguzo, au nahesabu nafasi?

Ubaya wa kosa hili ni ukimya wake. Mtu akizidisha badala ya kupunguza, akaandika `range(len(kilo) + 1)`, programu itasimama na kulalamika:

```
IndexError: list index out of range
```

Anayepunguza haambiwi neno. Hata hivyo, katika mfano wetu wastani ungemfichua: 102 kugawanya kwa 5 ni 20.4, na hakuna kreti hata moja iliyo chini ya kilo 23. Wastani hauwezi kuwa mdogo kuliko kitu kilicho kidogo kuliko vyote. Lakini kreti zikiwa 200, upungufu wa moja haumshtui mtu. Kwa hiyo yafaa kuijaribu programu kwa orodha fupi sana. Ipe kreti moja tu, `[23]`: programu ya karani itajibu 0, na kosa li wazi. Jaribio lingine zuri ni `[0, 0, 0, 0, 1]`, ambalo jibu lake lazima liwe 1.

Dawa yenyewe ni kuondoa `- 1`. Lakini kwa kazi ya kujumlisha, mimi naona ni bora kutotaja nafasi hata kidogo:

```python
for k in kilo:
    jumla = jumla + k
```

Hapa kompyuta huchukua kreti moja baada ya nyingine mpaka ziishe, wala hakuna namba ya mwisho ya kukosea. Namba za nafasi ziwekwe kwa kazi zinazozihitaji, kama ule ulinganisho wa kreti na jirani yake.

Zoezi: Andika kitanzi kitakachoonyesha tofauti ya kilo kati ya kila kreti na inayoifuata. Kisha kijaribu kwa orodha yenye kreti moja, na ueleze kwa nini safari hii kutoonyesha kitu chochote ndilo jibu sahihi.