Ukurasa wa Kiurdu Uliopigwa Picha: Namna ya Kuusoma Neno kwa Neno



Miongoni mwa wasomaji wetu, wapya katika Jamaat na hata wale ambao bado wanachunguza, wako wanaojifunza Kiurdu kwa kupiga picha ukurasa wa kitabu kwa simu ya mkononi na kumpelekea mwalimu. Huomba mambo manne kwa pamoja: maneno yaandikwe kwa herufi za Kiswahili, kila neno lipewe maana yake, waelezwe jinsi ya kutamka, kisha wapate tafsiri kamili. Ombi hilo ni la haki, kwa kuwa sehemu kubwa ya vitabu vya Hadhrat Mirza Ghulam Ahmad, Masihi Aliyeahidiwa a.s., iliandikwa kwa Kiurdu, na mtu hapendi kutegemea daima macho ya mwingine. Basi katika somo hili tutachukua sentensi moja nyepesi na kuifanyia mambo hayo manne, ili uone kila moja hutoka wapi na mahali gani huharibika.

Tuanze na picha yenyewe, maana makosa mengi huzaliwa hapo kabla mwalimu hajafungua kinywa. Kiurdu huandikwa kwa mwandiko uitwao Nastaliki. Katika mwandiko huu neno halilali juu ya mstari kama katika Misahafu tuliyoizoea, bali huanza juu upande wa kulia na kuteremka kuelekea kushoto, na nukta hurundikana popote palipo na nafasi. Katikati ya neno, herufi be, pe, te, nun na ye zote ni jino dogo la namna moja. Ni nukta tu zinazozitenganisha. Kivuli cha mkono kikizifuta nukta mbili, herufi imepotea. Na kinyume chake, katika vitabu vya zamani vilivyochapwa kwa mawe, doa la wino huweza kujifanya nukta. Kwa hiyo piga picha karibu na dirisha mwanga ukitoka ubavuni, simu ikiwa sambamba na karatasi.

Tena angalia mkunjo wa kitabu. Kitabu cha Kiurdu hufunguliwa kutoka kulia, na mistari huishia kushoto. Basi katika ukurasa wa mkono wa kulia, mkunjo uko mahali mistari inapoishia. Na kitenzi cha Kiurdu kwa kawaida huja mwisho wa sentensi. Mara nyingi picha huja ikiwa na maneno yote isipokuwa yale yaliyomezwa na mkunjo, nayo ndiyo yanayosema jambo lilitendeka au halikutendeka. Ufungue mkunjo kwa kidole, au upige upande huo picha ya pili.

Sasa sentensi yetu. Tuseme kwenye picha yako yako maneno saba, na mwalimu ameyaandika hivi:

Ye kitaab mere b'haai ne lik'hii hai.

Ukiyatazama haya na kuyalinganisha na picha, utaona kwamba mwalimu ametia vitu ambavyo haviko katika karatasi. Neno la pili limeandikwa kaaf, te, alif, be. Ile i baada ya kaaf haikuandikwa, kwani irabu fupi za Kiurdu huachwa kama zinavyoachwa katika gazeti la Kiarabu. Vivyo hivyo i ya kwanza katika lik'hii. Kwa sababu hiyo maandishi ya Kiswahili ya ukurasa wa Kiurdu si kunakili tu. Kila irabu fupi ni uamuzi wa mtu aijuaye lugha. Hata jina la kitabu Fath-e-Islaam, yaani Ushindi wa Uislamu, lina e katikati ambayo kwa kawaida huioni katika maandishi. Kazi yake ni ile ile ya “wa” yetu katika “ushindi wa”, nawe unatakiwa uitie mwenyewe.

Irabu ndefu nimeziandika mara mbili. Ile alama ya mkato kabla ya h yataka maelezo zaidi, kwa sababu wengi hujikwaa hapo. Sisi tumezoea kuandika kh kwa sauti ya kooni, kama katika neno Sheikh. Lakini Kiurdu kina sauti hiyo, na tena kina k inayotoka pamoja na pumzi. Mwalimu akiziandika zote mbili kh, mwanafunzi hana njia ya kuzitenga. Khaana, kwa sauti ya kooni, ni nyumba au chumba. K'haanaa, kwa pumzi, ni chakula. Na ukiiacha pumzi kabisa ukasema kaanaa, umesema chongo. Mgeni anayekusudia kusifu chakula cha mwenyeji wake na ajihadhari!

Kuipata pumzi hiyo weka kiganja mbele ya midomo. Ukitamka b'haai au k'haanaa, sharti uhisi hewa katika kiganja. Ukitamka kaanaa, usiihisi. Watu wa Mombasa wana nafuu hapa, kwa kuwa katika usemi wao wa asili paa wa porini hutamkwa kwa pumzi na paa la nyumba bila pumzi. Wengine wetu hatuna budi kujizoeza.

Katika picha, pumzi hiyo huonyeshwa kwa he yenye macho mawili. Iko he nyingine ya kawaida, ambayo ni herufi kamili na huweza kuwa na irabu kabla yake. Hivyo kahaa ni “alisema”, ila k'haa ni “kula!” Tazama basi macho mawili yako au hayako. Ila katika chapa za karne ya 19 waandishi hawakuishika daima tofauti hii, na hapo maana ya sentensi ndiyo huamua.

Kwa wale waliosoma chuoni nina onyo moja. Usiyatamke maneno ya Kiarabu yaliyomo katika Kiurdu kama ulivyofundishwa kuyatamka katika Kurani Tukufu. Katika Kiurdu th ya Kiarabu huwa s, na dh zote huwa z. Thawabu ni sawaab, dhuluma ni zulm, hadithi ni hadiis. Ukilijua hili, mamia ya maneno yatakujia kama jamaa waliovaa kanzu nyingine. Lakini si kila jamaa ana tabia ile ile: gariib, tunayeweza kumdhani kuwa ni mgeni, katika Kiurdu ni maskini.

Tuje kwenye maana ya neno moja moja. Ye ni “hiki”. Kitaab ni “kitabu”. Mere ni “-angu”. B'haai ni “ndugu wa kiume”. Ne haina neno la kulitafsiri. Huwekwa baada ya mtenda kuonyesha kwamba yeye ndiye aliyelitenda jambo lililokwisha kupita. Lik'hii ni “-andika”, na hai ni “ni”, ambayo hapa hukikamilisha kitenzi.

Mwanafunzi aliyepata orodha hii tu, bila maelezo, huanguka mahali pawili. Amefundishwa kwamba mwisho wa ii ni alama ya kike, hivyo anaona lik'hii na kusema: “Aliyeandika ni mwanamke, basi ni dada yangu.” Kisha anakumbuka kwamba “yangu” ya kiume ni meraa, na mere ni ya wingi, hivyo anasema: “Ndugu zangu wameandika.” Yote mawili si kweli. Panapokuwa na ne, kitenzi cha namna hii hakimfuati mtenda, bali hukifuata kitendwa. Na kitaab katika Kiurdu ni jina la kike. Wewe Mswahili usilione jambo hili kuwa geni. Husemi wewe “Kitabu hiki kimeandikwa na ndugu yangu”? Ile ki- imetoka kwa kitabu, si kwa ndugu. Na meraa imegeuka mere kwa sababu ya ne inayofuata. Ndugu ni mmoja tu. Wangekuwa wengi, ingeandikwa b'haaiyo(n) ne, nayo (n) hiyo hutoka puani bila ulimi kugusa popote.

Kwa hiyo orodha njema ya maneno hutaja pia umbo la neno: “lik'hii, -andika, wakati uliopita, hufuata kitaab.” Mwombe mwalimu wako hayo. Tafsiri ya mwisho basi ni: “Kitabu hiki kimeandikwa na ndugu yangu.”

Kuna jambo moja zaidi, nalo lawahusu hasa wanaochunguza. Hupelekewa watu picha ya ukurasa wa kitabu chetu, mstari mmoja umepigiwa wino mwekundu, na chini yake pana tafsiri ya kuogofya. Wengine hushtuka, na wengine hujibu kwa hasira bila kusoma. Njia zote mbili hazifai. Chukua kanuni hii ya Kiurdu. Kiurdu kinaposimulia maneno ya mtu, kwa kawaida huyaacha katika kinywa chake mwenyewe. Husema: us ne kahaa ke mai(n) biimaar huu(n). Neno kwa neno: yeye – ne – alisema – kwamba – mimi – mgonjwa – ni. Maana yake ni “Alisema kwamba yeye ni mgonjwa.” Ile mai(n), “mimi”, ni ya yule aliyesema, si ya mwandishi wa kitabu.

Sasa tuseme maneno us ne kahaa ke yako mwishoni mwa mstari wa juu, na picha imekatwa chini ya mstari huo. Kilichobaki ni mai(n) biimaar huu(n), nacho kikisimama peke yake ni “Mimi ni mgonjwa.” Hakuna nukta iliyoongezwa wala neno lililogeuzwa, na hata hivyo mwandishi amevikwa maneno ya mtu mwingine.

Ukipata picha ya namna hiyo, kwanza itafute ke katika mstari wa juu: ni neno fupi la kaaf na he. Kisha rudi nyuma umtafute aliyesema. Tafuta pia agar, “ikiwa”, mwanzoni mwa sentensi, na nahii(n), “si”, karibu na kitenzi. Kama mstari wa juu haumo katika picha, usihukumu kwa upande wowote. Muulize aliyekuletea jina la kitabu na namba ya ukurasa, ukitafute kitabu chenyewe, upige picha ukurasa huo pamoja na ule uliotangulia, na uzipeleke zote mbili kwa mtu anayekijua Kiurdu, awe Mwahmadiyya au asiwe.