SOMO: Kutoka picha za maswali hadi daftari la kode

Wengi wenu mliokimbilia Kindu mmekwisha kuulizwa maswali zaidi ya mara moja. Mtu anakuja na karatasi, anaandika, anashukuru, anakwenda zake. Baada ya miezi kadhaa, kamati ya wakimbizi wa ndani inapewa jedwali lililojaa namba: 1, 2, 8, na nafasi nyingi tupu. Karatasi ya maswali yenyewe haiko tena. Kilichobaki ni picha ambazo mmoja wenu alipiga kwa simu.

Picha hizo zina faida kubwa. Kwa picha hizo mnaweza kuunda daftari la kode, yaani orodha inayosema kila safu ya jedwali imetoka katika swali gani, na kila namba inasimama mahali pa jibu gani. Safu hiyo watu wa takwimu huiita kigeu, kwa sababu jibu lake hugeuka kutoka nyumba moja hadi nyingine. Somo hili linaonyesha namna ya kuliunda, na mahali ambapo sisi wenyewe tulikosea.

Kwanza, picha zenyewe

Pigeni picha ya karatasi tupu. Karatasi iliyojazwa ina majina na namba za simu za watu, na picha ya namna hiyo ikipita mkononi mwa mtu mbaya inaweza kuhatarisha familia.

Laza karatasi mezani penye mwanga wa mchana. Pembe zote nne zionekane. Kisha zipe picha majina kwa kufuata kurasa: `P01.jpg`, `P02.jpg`, na kuendelea. Soma namba za maswali tangu la kwanza hadi la mwisho. Kama ukurasa mmoja unaishia swali la 11 na unaofuata unaanza na la 15, kuna ukurasa uliopotea. Andika hivyo katika daftari, wala usibuni maswali yaliyokosekana.

Pili, kila swali lipate mstari wake

Kwa kila swali tunaandika mambo manne: jina fupi la kigeu, maneno ya swali jinsi yalivyochapwa, ni nani aliyepaswa kuulizwa, na majibu pamoja na kode zake. Huu ni mfano tulioutunga kwa ajili ya somo:

```
q06_watu   | Watu wangapi wanaishi nyumbani? | wote  | namba; 98=hajui
q14_kurudi | Mnataka kurudi kijijini?        | wote  | 1=ndiyo 2=hapana 8=hajui
q15_hitaji | Ni nini kinahitajika kwanza?    | q14=1 | 1=usalama 2=usafiri 3=nyumba 4=mbegu
```

Kode zinanakiliwa kama zilivyo kwenye karatasi. Ikiwa karatasi inasema 1, 2, 8, usiandike 1, 2, 3 kwa kutaka mpangilio mzuri, kwa maana jedwali lililojazwa linafuata karatasi. Angalia pia kwamba «hajui» ni 8 katika swali la 14, lakini ni 98 katika swali la 6. Sababu ni rahisi: nyumba inaweza kuwa na watu 8 kweli. Mtu asiyeangalia jambo hilo anaweza kufuta familia zote za watu 8 akidhani hazikujibu.

Kuna maswali yanayoruhusu majibu mengi, kama vile «Mnapata chakula kwa njia gani? Chagua yote yanayofaa». Hapo kigeu kimoja hakitoshi. Kila jibu linakuwa kigeu chake, chenye 1 kama limechaguliwa na 0 kama halikuchaguliwa.

Tatu, mshale wa pembeni

Hapa ndipo tulipopotea. Katika karatasi nyingi, pembeni kulia kuna mshale mdogo na namba, kwa mfano `→ 17`. Maana yake: ukijibiwa hivi, ruka moja kwa moja hadi swali la 17. Mmoja wetu alipiga picha akikata kidogo upande wa kulia. Maswali yote yalisomeka vizuri, lakini mishale haikuonekana. Tukaandika kwamba swali la 15 liliulizwa kwa wote.

Tuone matokeo yake kwa namba za mfano. Nyumba ni 120. Katika swali la 14, nyumba 50 zinasema ndiyo, 66 zinasema hapana, 4 hazijui. Swali la 15 linaulizwa kwa zile 50 peke yake, na 40 kati yake zinajibu «usalama». Asiyeujua mshale anagawanya 40 kwa 120 na kusema: theluthi moja tu ya watu wanataka usalama kwanza. Anayeujua anagawanya 40 kwa 50, yaani asilimia 80 ya wanaotaka kurudi. Sasa fikirini mkutano wa wakimbizi, familia zilizowapokea na wakubwa wa serikali. Hesabu ya kwanza inaweza kuwafanya waseme kwamba tatizo la usalama limekwisha, na watu wasukumwe kurudi mahali ambapo hawawezi kulala.

Kosa hilo linajulikana kwa nafasi tupu. Zihesabu. Kama swali la 15 lina nafasi tupu 70, na wale waliosema hapana pamoja na wasiojua ni 70 vilevile, nyumba zilezile, hakika kuna mshale. Kwa hiyo daftari litenge mambo matatu: hakuulizwa, hajui, na aliulizwa lakini jibu halikuandikwa.

Nne, majina ya mahali na tarehe

Swali la «mmetoka wapi» linahitaji tarehe ya karatasi. Maniema ina teritware 7: Kabambare, Kasongo, Kailo, Kibombo, Lubutu, Pangi na Punia. Hizo ni rahisi. Lakini mwaka 2015 nchi ilitoka mikoa 11 ikafika 26. Karatasi ya kabla ya hapo inaandika «Katanga», na mkoa huo umegawanyika kuwa minne: Tanganyika, Haut-Katanga, Lualaba na Haut-Lomami. Familia iliyoandikwa «Katanga» msiihamishe kwenda Tanganyika kwa kudhani tu. Acheni kode ya zamani na muandike mwaka wake.

Mwisho, kuhakikisha

Watu wawili wasome picha zilezile, kila mtu peke yake, kisha walinganishe madaftari yao. Pale wanapotofautiana warudi kwenye picha. Namba 1 na 7 zilizoandikwa kwa mkono huchanganya mara nyingi. Maneno yasiyosomeka yaandikwe «haisomeki, P04», ili mwingine ajue pa kutazama. Kisha chukueni mistari 10 ya jedwali. Mkikuta kode isiyo katika daftari, kwa mfano 5 katika swali lenye majibu manne, hapo kuna ukurasa, mstari au sahihisho la kalamu ambalo picha haikuonyesha. Waulizeni waliofanya uchunguzi.

Maswali ya kujadiliana katika kamati

1. Ni nani anayetunza picha za karatasi mlizoulizwa, na je, upande wa kulia unaonekana wote?
2. Katika ripoti ya mwisho mliyosomewa, asilimia zilihesabiwa juu ya nyumba zote au juu ya walioulizwa tu?