Jedwali Limekuja, Mchoro Unadaiwa: Vidokezo vya Kuchora Grafu

Tuseme uko Maguu, kwenye milima ya Wamatengo wilayani Mbinga, na jaribio la leo limekuja na jedwali la kahawa. Familia moja imepeleka kahawa ya maganda kwenye mizani misimu mitano: msimu wa kwanza kilo 420, wa pili 260, wa tatu 510, wa nne 305 na wa tano 480. Namba hizi nimezitunga kwa ajili ya zoezi, ila ule mtindo wa kupanda na kushuka wakulima wa huko wanaujua vizuri. Mkahawa uliobeba sana mwaka huu hukosa nguvu ya kutoa machipukizi mengi, na kwa kuwa matunda ya mwakani hukaa kwenye machipukizi hayo, mavuno hupungua. Swali linasema: chora grafu ya mihimili. Hapo aya nzuri ya maelezo haitakuokoa. Shika penseli.

1. Namba kubwa ndiyo inayochagua skeli.

Wanafunzi wengi huchora kwanza mistari miwili, mmoja wa kusimama na mmoja wa kulala, halafu wanaanza kuhangaika namba zitaingiaje. Geuza mpango. Tazama namba kubwa kuliko zote, hapa ni 510, kisha pima karatasi yako ina nafasi ya kwenda juu kiasi gani. Ukiwa na sentimita 12, sentimita 1 iwakilishe kilo 50, na 510 itafika sentimita 10.2. Imeingia, na juu imebaki nafasi ya kichwa cha habari.

Kwa nini isiwe kilo 30? Kwanza 510 ingehitaji sentimita 17. Pili, na hili ndilo baya zaidi, 305 ukiigawa kwa 30 unapata 10.1666 isiyokwisha, na rula yako haina alama hiyo. Kwa skeli ya 50, kila milimita ni kilo 5, kwa hiyo kila namba ya jedwali letu inaangukia kwenye alama kamili. Kwa skeli za 1, 2, 5, 10, 20, 50 na 100, thamani ya kila milimita ni rahisi kusoma. Zile za 3, 7 na 30 ziache.

2. Ongeza safu ya tatu kwenye jedwali.

Kabla ya kugusa grafu, andika pembeni urefu wa kila nguzo kwa sentimita. (Vitabu vinaziita mihimili, mimi nitasema nguzo ili tusizichanganye na ile mistari miwili ya pembeni.) Gawa kila namba kwa 50: 420 inakuwa 8.4, 260 inakuwa 5.2, 510 ni 10.2, 305 ni 6.1, na 480 ni 9.6. Sasa hesabu imekwisha na kazi iliyobaki ni ya mkono. Anayegawa huku akichora hukosea vyote viwili, maana jicho linaruka kutoka kwenye jedwali kwenda kwenye rula na kurudi.

3. Nguzo zote zisimame kwenye sifuri.

Kuna kishawishi cha kuanzia 200 kwa sababu hakuna namba iliyo chini ya hapo na karatasi ni ndogo. Angalia kinachotokea. Nguzo ya 260 itabaki na sentimita 1.2, na ya 510 itakuwa na sentimita 6.2. Atakayeitazama ataona msimu wa tatu umezidi wa pili mara tano, wakati ukweli ni kwamba haukufika hata mara mbili. Msomaji wa nguzo hasomi ncha peke yake; anasoma urefu wote kutoka chini. Ukikata miguu ya nguzo umemdanganya, hata kama namba ulizoandika pembeni ni sahihi.

4. Upana sawa, nafasi sawa.

Sentimita 1 kwa nguzo na sentimita 1 katikati inatosha. Nguzo tano zenye nafasi ya mwanzo zitachukua sentimita 10.

5. Swali likitaka grafu ya mstari, pima miaka kama unavyopima kilo.

Hapa ndipo alama nyingi hupotea, kwa hiyo nipewe nafasi nieleze taratibu. Chukua sensa za Tanzania. Mwaka 1967 tulikuwa watu milioni 12.3; mwaka 1978 milioni 17.5, mwaka 1988 milioni 23.1, mwaka 2002 milioni 34.4, mwaka 2012 milioni 44.9, na mwaka 2022 milioni 61.7. Ukichora kwa nguzo, unaweza kuzipanga sita kwa nafasi zilizo sawa bila tatizo, kwani kila nguzo inasimulia hesabu ya mwaka wake tu. Mstari unasimulia mwendo, na mwendo unahitaji muda.

Miaka hiyo haikupishana sawa. Kutoka 1988 hadi 2002 ni miaka 14, lakini kutoka 2002 hadi 2012 ni miaka 10. Katika kipindi cha kwanza watu waliongezeka milioni 11.3, na katika cha pili milioni 10.5. Ukiweka nafasi sawa, kipande cha kwanza kitaonekana na mwinuko mkali zaidi. Sasa gawa kwa miaka: cha kwanza ni kama milioni 0.81 kwa mwaka, cha pili milioni 1.05. Kumbe mwendo wa pili ndio uliokuwa wa kasi, na mchoro wako umesema kinyume chake.

Tiba yake ni rahisi. Kwenye mstari wa kulala, sentimita 1 iwe miaka 5. Mwaka 1967 ukae mwanzoni kabisa, 1978 kwenye sentimita 2.2, 1988 kwenye 4.2, 2002 kwenye 7, 2012 kwenye 9 na 2022 kwenye 11. Kwenda juu, sentimita 1 iwe watu milioni 10. Weka nukta, kisha ziunganishe kwa rula moja baada ya nyingine. Nukta ya 1967 itakaa juu ya ule mstari wa kusimama, karibu sentimita 1.2 kutoka chini. Iache hapo. Wapo wanaouvuta mstari kutoka kwenye nukta hiyo hadi kwenye kona ya sifuri, na hakuna sensa iliyowapa kipande hicho.

6. Grafu isiyo na maneno haijakamilika.

Kichwa kitaje kitu, mahali na wakati: "Kahawa ya maganda iliyopimwa na familia moja ya Maguu, misimu mitano." Kila mstari wa pembeni upewe jina na kipimo chake, na skeli iandikwe. Kumbuka agizo la Baraza la Mitihani: michoro kwa penseli, maandishi kwa wino wa bluu au mweusi.

7. Funika jedwali, soma mchoro.

Ukimaliza, weka kiganja juu ya jedwali. Soma kila nguzo kwa skeli yako, andika namba unayoiona pembeni, kisha funua ulinganishe. Kosa linalojitokeza mara nyingi ni 305 kuchorwa kama 350, yaani nguzo ya sentimita 7 badala ya 6.1. Ukilitazama jedwali wakati huohuo hutaliona, kwa sababu jicho litasoma kile linachotarajia. Ukilifunika, nguzo itakuambia 350 waziwazi, na kifutio bado kiko mezani.