Kila Mtu Anapobana Matumizi kwa Wakati Mmoja

Miaka ya 1970, jijini Washington, wazazi vijana wa eneo la Capitol Hill walikuwa na ushirika wa kuleleana watoto. Familia zilikuwa kama 150. Hawakulipana fedha bali kuponi, na kuponi moja ilikuwa ujira wa nusu saa. Ukitaka kutoka jioni kwa saa 3, unampa mlezi kuponi 6. Ili uzipate tena, inakubidi ukalee watoto wa wenzako.

Ikafika wakati kuponi zikawa chache mikononi mwa watu. Kila familia ikaona heri ijiwekee akiba kwanza, wasije wakaalikwa mahali wakakosa cha kumlipa mlezi. Wengi wakaacha kutoka, wakajitokeza kulea. Lakini kazi ya kulea hupatikana pale tu mwingine anapotoka! Basi wote wakakaa nyumbani wakisubiri kuitwa, na kila aliyezidi kubana kuponi zake alimnyima jirani nafasi ya kuchuma. Ushirika ulijaribu kutumia kanuni kuwalazimisha watu watoke, lakini haikusaidia. Kilichosaidia ni kugawa kuponi zaidi, ingawa baadaye zilizidi hata walezi wakaadimika. Joan na Richard Sweeney walikiandika kisa hicho mwaka 1977, na tangu hapo walimu wa uchumi hawachoki kukisimulia.

Hali kama hiyo wanauchumi huiita kitendawili cha akiba. Hesabu yake si ngumu. Chukua mji wa kubuni ambao mapato ya wakazi wote ni milioni 10 kwa mwezi. Wanaweka akiba asilimia 20, yaani milioni 2, na milioni 8 wanazitumia. Benki inazikopesha zile milioni 2 kwa wanaojenga na kununua mashine, kwa hiyo mauzo ya mji yanabaki milioni 10.

Sasa wakazi wanaingiwa na hofu, wanaongeza akiba hadi asilimia 25. Matumizi yanashuka hadi milioni 7.5. Wawekezaji nao hawajaongeza chochote, bado wanatumia milioni 2. Mauzo ni milioni 9.5, na hayo ndiyo mapato ya mwezi unaofuata, maana hela anayoikunja mteja ni mshahara wa muuzaji. Robo ya milioni 9.5 ikiwekwa kando, mauzo yanashuka tena hadi milioni 9.125, na hivyo hivyo mpaka yanapotulia kwenye milioni 8. Robo ya milioni 8 ni ngapi? Milioni 2. Akiba ya mji ni ile ile ya mwanzo, ila mapato yamepungua kwa moja ya tano. Tena wawekezaji wakiona maduka hayana wateja, wakapunguza ujenzi hadi milioni 1.5, mapato yatatua kwenye milioni 6 na akiba yenyewe itashuka hadi milioni 1.5.

Kila kitu hapo kinategemea wawekezaji. Wangechukua ile laki 5 ya ziada mara moja, mauzo yangebaki milioni 10 na kusingekuwa na kitendawili. Katika nyakati za kawaida ndivyo inavyoelekea kuwa: akiba ikiongezeka, riba hushuka na wakopaji hujitokeza. Balaa ni pale riba inaposhuka na bado hakuna anayetaka mkopo. Japani ilipitia hali hiyo baada ya bei za ardhi na hisa kuporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1990. Benki kuu iliishusha riba hadi karibu na sifuri mwaka 1999, huku kampuni nyingi zikiendelea kulipa madeni ya zamani badala ya kukopa upya.

Kwa hiyo usitishike kila unaposikia watu wanaweka akiba. Ukitaka kujua kama hali ni mbaya, tazama kama amana za benki zinaongezeka wakati mikopo ya biashara imesimama, stoo zimejaa na oda zinapunguzwa. Kwetu Afrika Mashariki shida iliyozoeleka ni kinyume chake: wakopaji wengi na riba kubwa. Fedha ya VICOBA inayomkopesha mama kununua mzigo wa duka haijatoka kwenye mzunguko. Vilevile, ukiahirisha kununua simu iliyotoka nje, sehemu kubwa ya pigo inaangukia huko ilikotengenezwa.

Nawe mwenye kipato kinachoyumba, weka akiba yako. Matumizi ya familia moja hayaokoi uchumi. Mwanauchumi John Maynard Keynes aliwahi kuwahimiza akina mama wa Uingereza kupitia redio, Januari 1931, watoke wakanunue bidhaa. Lakini katika kitabu chake cha 1936 aliweka mkazo kwa serikali: ikope fedha zilizolala na kuzitumia. Serikali inayokopa kwa fedha yake yenyewe ina nafasi ya kufanya hivyo. Inayokopa kwa dola nafasi yake ni finyu zaidi.